“On fera le nécessaire”: baruapepe ya Kifaransa iliyochelewesha makontena matatu

Mzigo ulikuwa mabomba ya plastiki ya maji, makontena matatu, yameshuka bandari ya Dar es Salaam yakielekea Lubumbashi. Njia ni ile ya kila siku ya mizigo ya Katanga: Tunduma, kukatiza Zambia, kisha Kasumbalesa. Bandarini hapakuwa na tatizo lolote. Kilichokosekana ni namba ya FERI, fomu ya kielektroniki ya mzigo unaoingia Kongo, ambayo iko chini ya shirika la serikali la huko liitwalo OGEFREM. Mzigo ukifika mpakani bila namba hiyo, mwenye mzigo anajitafutia adhabu na foleni. Kwa hiyo watu wazoefu huiomba mapema, meli ikiwa bado haijatia nanga.

Hapa haikuombwa mapema, kwa sababu ankara ya muuzaji wa China ilikuwa imejumlisha bei ya mabomba na nauli ya meli katika mstari mmoja, na fomu inataka kila kimoja kando. Lilikuwa jambo dogo la kurekebisha. Ndiyo maana kiliitishwa kikao cha mtandaoni Jumanne tarehe 24 Juni 2025, kwa Kifaransa, kwa kuwa mteja na wakala wake wa mpakani wanafanyia kazi zao zote za maandishi katika lugha hiyo.

Waliohudhuria walikuwa watano, na hapa nitawataja kwa herufi tu. Upande wa Kongo alikuwepo Mkurugenzi wa kampuni inayoagiza mabomba, mama mmoja makini sana, pamoja na Bwana K., mnunuzi wake, ambaye ndiye anayezungumza na muuzaji wa China. Na Bwana T., wakala wa forodha wa Kasumbalesa. Upande wa Dar alikuwepo Bwana S., anayeshughulikia nyaraka, na Bi H., anayepanga malori. Bwana S. ndiye aliyeandika baruapepe ya baada ya kikao. Kifaransa chake si kibaya hata kidogo; amekisoma chuoni na tahajia yake ni safi kuliko ya Wakongo wengi ninaowasiliana nao. Aliandika hivi:

```
Objet : Réunion

Bonjour à tous,

Merci pour cette réunion très enrichissante. Nous avons
parlé de la facture, de la FERI et des camions. Il faudra
corriger la facture et on fera le nécessaire pour la FERI
d'ici lundi. Les camions suivront. Monsieur T. pourra
éventuellement vérifier la licence.

Bien à vous,
```

Mwalimu wa Kifaransa angeipa alama nzuri. Hakuna kosa la sarufi humo. Lakini kila sentensi ndani yake ilisomwa kwa namna mbili, moja Dar na nyingine Lubumbashi, na pande zote mbili zilisoma kwa haki.

Tuanze na “Il faudra corriger la facture”. Sentensi hii inasema kwamba ankara itahitaji kurekebishwa. Nani atairekebisha? Kifaransa kinamruhusu mwandishi asimtaje mtu, na “il” ya hapo haina mtu nyuma yake. Dar walidhani ni Bwana K., kwa kuwa yeye ndiye aliyenunua. Bwana K. alidhani ni Bwana S., kwa kuwa katika kikao Bwana S. ndiye aliyeeleza kwa ufasaha ankara inatakiwa iweje, tena akasema ana mfano wake. Aliyeeleza kasoro akaonekana ndiye aliyebeba kazi ya kuiondoa.

“On fera le nécessaire” ni mbaya zaidi, maana inapendeza masikioni. Katika Kifaransa cha kuzungumza, “on” kwa kawaida ni “sisi”, lakini inaweza pia kuwa “mtu fulani” au “watu” kwa jumla. Kwenye kikao, sauti na macho vinaonyesha ni nani. Kwenye maandishi yanayokwenda kwa watu watano wa kampuni tatu, kila mmoja anaisoma “on” kuwa ni wale wengine. Nayo “le nécessaire”, yaani kinachohitajika, haitaji ni kitu gani kitakachotoka mkononi mwa nani: ni kujaza fomu, kulipia, au kutuma namba?

Kisha ile Jumatatu. “D'ici lundi” ina mashaka mawili. Kwanza, Wafaransa wenyewe hawakubaliani kama Jumatatu imo ndani au muda unaishia kabla haijaanza. Anayetaka siku iwemo huandika “au plus tard le lundi”, na asiyetaka iwemo huandika “avant le lundi”. Pili, na hili ndilo lililouma, Jumatatu iliyofuata ilikuwa tarehe 30 Juni, Siku ya Uhuru wa Kongo. Ofisi za Lubumbashi zilifungwa, na Kasumbalesa hakuna aliyejibu simu. Kama Bwana S. angeandika tarehe badala ya jina la siku, Bwana K. angeiona palepale. Mkongo akisoma “le 30 juin” hahitaji kalenda. Akisoma “lundi” anaona Jumatatu kama Jumatatu nyingine.

Bi H., kwa upande wake, alisoma “Les camions suivront” na akafanya kazi yake. Malori yatafuata, FERI itapatikana Jumatatu, basi malori yawe tayari Jumanne tarehe 1 Julai. Yakaja. Hapakuwa na cha kupakia, kwa sababu FERI haikuwa imeombwa wala ankara haijaguswa. Mwenye lori humwambii asubiri bure. Uamuzi uliofikiwa kwenye kikao ulikuwa wazi kabisa, nao ni kwamba lori lisipakiwe kabla ya namba ya FERI kutoka. Sharti hilo lilitamkwa na Mkurugenzi mwenyewe. Katika baruapepe likageuka kuwa mpangilio wa wakati: hiki halafu kile.

Na ile “éventuellement”. Huku kwetu, ambako wengi tumekifikia Kifaransa tukitokea Kiingereza, neno hili linanasa watu kila mwaka. Bi H. alilisoma kuwa “mwishowe”, akajua Bwana T. ataikagua leseni ya uagizaji muda ukifika. Bwana T. alilisoma jinsi lilivyo katika Kifaransa, yaani “ikibidi”. Hakuna aliyemwambia kwamba imebidi. Hakukagua.

Jumatano tarehe 2 Julai walikutana tena kwa nusu saa, kila mmoja akiwa na hoja zake. Mimi niliombwa kusikiliza na kuandika muhtasari. Nitaeleza jinsi maandishi yale yalivyojengwa, kwa kuwa ndiyo hasa kisa chenyewe.

Kabla hata ya kuandika, wakati kikao kinaendelea, nilimwuliza kila aliyekubali jambo swali moja: utampa nani nini, na saa ngapi? Muhtasari mzuri hauwezi kubuni jibu ambalo kikao hakikutoa. Bwana K. alisema atampa Bwana S. ankara mpya “demain”, kesho. Kesho saa ngapi? “Seize heures.” Saa kumi jioni ya wapi? Hapo pakawa na kicheko kidogo, lakini swali lilikuwa la kweli: Lubumbashi iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Kwa mtu anayefunga ofisi saa kumi na moja jioni, saa hiyo moja ndiyo inayoamua kama fomu itajazwa leo au kesho. Nikaongeza tahadhari nyingine: katika kikao ambacho watu wanarukaruka kati ya Kifaransa na Kiswahili, saa niliandika kwa tarakimu za Kifaransa tu, “16 h”, wala si kwa maneno.

Bwana K. alipendekeza kwamba malori yapakiwe “lundi en huit”. Msemo huu ni wa kawaida sana kwa Wafaransa na Wakongo, na maana yake si Jumatatu ijayo, wala si siku ya nane kutoka leo. Ni Jumatatu inayofuata baada ya Jumatatu ijayo. Ukiusema Jumatano tarehe 2 Julai, unaangukia tarehe 14. Dar waliandika tarehe 7, ambayo ni Sabasaba na bandari ndiyo ipo lakini ofisi yetu imefungwa. Wiki moja kabla tumekwazwa na sikukuu yao. Sasa tulikuwa tunajiandaa kukwazwa na yetu. Niliwauliza tarehe, ikajulikana kwamba wanazungumzia siku mbili tofauti, na baada ya majadiliano mafupi hakuna hata moja iliyochaguliwa. Misemo ya jamii hiyo, “sous huitaine”, “dans quinze jours” (ambayo ni wiki mbili, si siku kumi na tano za kuhesabu), iacheni kwenye mazungumzo. Ndani ya muhtasari iwepo siku, namba na mwezi pamoja. Siku na namba zikipingana, msomaji ataona kosa na kuuliza. Ukiandika kimoja tu, kosa litapita kimya.

Kichwa cha baruapepe kikawa hivi: “Relevé de décisions – réunion du 2 juillet 2025 – 3 conteneurs, FERI et chargement”. Nilichagua “relevé de décisions” makusudi. Kifaransa cha ofisi kinatofautisha nyaraka tatu. “Procès-verbal” ni kumbukumbu rasmi, yenye uzito wa kisheria au wa kitaasisi, na huidhinishwa kwa saini. “Compte rendu” husimulia nani alisema nini. “Relevé de décisions” huorodhesha kilichoamuliwa tu, bila masimulizi. Baada ya wiki kama ile, kusimulia nani alisema nini kungefungua ugomvi. Ukiiita barua yako “procès-verbal” bila mamlaka ya kufanya hivyo, mkurugenzi wa Kikongo anaweza kukurudishia bila kuisoma, na atakuwa sahihi.

Salamu ilikuwa “Madame la Directrice, chers collègues,”. Cheo kinatajwa, jina halitajwi. Kwa Kifaransa huandiki “Madame” ukafuatisha jina la ukoo mwanzoni mwa barua ya kikazi kwa mkubwa, ingawa wapo wanaofanya hivyo siku hizi. Baada ya hapo palikuwa na sentensi moja ya kufungulia, “Suite à notre réunion de ce jour, voici les décisions prises et les actions à mener.” Sikuweka shukrani ndefu wala “enrichissante”. Kisha mwili wenyewe:

```
Décisions
1. Aucun camion n'est chargé avant réception du numéro
   de FERI validé.
2. La facture indique le fret sur une ligne séparée.

Actions
- M. K. transmet la facture corrigée à M. S. :
  au plus tard jeudi 3 juillet, 16 h (Lubumbashi).
- M. S. dépose la demande de FERI et envoie l'accusé
  à tous : au plus tard vendredi 4 juillet, 12 h (Dar).
- Nous remercions Madame la Directrice de bien vouloir
  transmettre la copie de la licence à M. T. :
  au plus tard vendredi 4 juillet, 12 h (Lubumbashi).
- M. T. vérifie la licence et confirme par écrit :
  au plus tard mardi 8 juillet, 10 h (Lubumbashi).
- Mme H. réserve les camions dès réception du numéro
  de FERI, pas avant.

En suspens
Frais d'attente des camions du 1er juillet : non tranché.
```

Katika barua yenyewe majina yalikuwa kamili, jina la kwanza na la ukoo. Herufi ni kwa ajili ya wasomaji wa hapa.

Angalieni vitenzi kwanza. “Transmet”, “dépose”, “envoie”, “confirme”, “réserve”. Kila kimoja kina mwisho unaoonekana: kuna faili iliyofika, kuna risiti, kuna jibu la maandishi. Vitenzi ambavyo ningevikataa ni “suivre”, “voir”, “s'occuper de”, “avancer sur”. Mtu anaweza kufuatilia jambo mwaka mzima na akawa hajavunja ahadi. Wakati wa vitenzi nao ni wa sasa, “transmet”, si “transmettra” wala “devra transmettre”. Wakati wa sasa ndio mtindo wa nyaraka za maamuzi katika Kifaransa. Unaeleza jambo kama lilivyopangwa, bila harufu ya amri wala ya ahadi. Hilo linasaidia hasa pale mwandishi ni mdogo kwa cheo kuliko anaowagawia kazi.

Kwa Mkurugenzi, hata hivyo, wakati wa sasa haukutosha. Kuandika “Madame la Directrice transmet” kwenye orodha moja na wafanyakazi wake, tena imeandikwa na mtu wa kampuni nyingine, kungeonekana utovu wa adabu. Bwana S. alishauri tumwondoe kwenye orodha na badala yake tumpigie simu. Nilikataa. Kazi ambayo haimo kwenye orodha haina tarehe, na ya Mkurugenzi ndiyo iliyokuwa ikizuia ya Bwana T. Dawa ni kulainisha kitenzi na kuiacha tarehe ilivyo: “Nous remercions Madame la Directrice de bien vouloir transmettre”, halafu siku na saa kama za wengine wote. Ukisoma barua nyingi za Kikongo utaona adabu ikitumika kinyume chake: kitenzi kinabaki, tarehe ndiyo inayoondolewa, na mahali pake panawekwa “dans les meilleurs délais”. Hiyo ni adabu isiyomsaidia mtu yeyote, kwani mkubwa naye anataka kujua ni lini.

Kazi ya Bi H. haina tarehe, na hilo si kusahau. Yeye hangeweza kuahidi siku ambayo haijui. Angeweza kuahidi tu kufuata tukio. Kwa hiyo mahali pa tarehe paliwekwa “dès réception du numéro de FERI”, na nikaongeza “pas avant” kwa sababu ya malori ya tarehe 1 Julai. Maneno mawili hayo hayakuwa ya lazima kisarufi. Yaliwekwa kwa ajili ya pochi ya mtu.

Sehemu ya “En suspens” watu huiogopa. Nani atalipa gharama ya malori yaliyosubiri? Kikao kilizungumza hilo kwa dakika kadhaa na hakikuamua. Ukiliacha nje, upande mmoja utakuja kusema lilikubaliwa. Ukiliandika kwa sentensi ya kupoza, mfano “la question sera examinée”, utakuwa umeahidi uchunguzi ambao hakuna aliyekubali kuufanya. “Non tranché” inasema ukweli mtupu: halijaamuliwa.

Mwishoni kabisa niliweka sentensi ambayo, kwa maoni yangu, ilifanya kazi kuliko nyingine zote: “Sauf observation de votre part avant jeudi 3 juillet, 10 h (Lubumbashi), ce relevé est considéré comme approuvé.” Asiye na pingamizi kufikia saa hiyo amekubali. Saa ya kupinga lazima itangulie kazi ya kwanza kwenye orodha, vinginevyo mtu atapinga kazi ambayo muda wake umeshapita. Kisha “Cordialement,” basi. Ile hitimisho ndefu ya “Veuillez agréer, Madame la Directrice, l'expression de ma considération distinguée” ni ya barua rasmi anayoandikiwa mtu mmoja. Kwenye muhtasari wa watu watano ingekuwa kama kuvaa suti kwenda kupakia mabomba.

Barua ilitoka Jumatano saa kumi na moja jioni. Pingamizi lilikuja usiku uleule, kutoka kwa Bwana K. Alikuwa ameona tarehe na saa yake, akapiga hesabu ambayo kikaoni hakuipiga: saa kumi jioni ya Lubumbashi ni saa nne usiku kule China, na muuzaji anafunga mapema zaidi. Maana yake, siku yake halisi ya kupata ankara ilikuwa inaishia asubuhi. Akaomba Ijumaa tarehe 4 Julai, saa nne asubuhi. Wiki iliyotangulia, neno “lundi” halikumpa sababu ya kupiga hesabu yoyote.

Marekebisho kama haya yana kanuni yake. Hujibu tu “OK” chini ya barua ya Bwana K., kwa sababu hapo zitakuwepo orodha mbili, na Bwana S. atafuata ya kwanza. Unatuma upya orodha nzima, kichwa kilekile kikiongezwa “version corrigée”, na mstari wa kwanza unasema “Ce message annule et remplace celui du 2 juillet.” Ni msemo wa kawaida wa ofisi za Kifaransa, kila mtu anauelewa: ile ya zamani imekufa. Tarehe ya Bwana K. ilisogea, na kwa kuwa kazi ya Bwana S. inaitegemea, ya Bwana S. ikasogea hadi Ijumaa saa kumi jioni ya Dar. Watu husahau hatua hii ya pili. Wanasogeza tarehe moja na kuacha iliyo chini yake ikining'inia, halafu mtu anaonekana amechelewa kwa kosa lisilo lake.

Jambo dogo la masikio, kwa wenzangu wanaoandika mihtasari ya vikao na Wakongo. Bwana K. aliposoma namba za makontena alisema “septante-six”. Aliyejifunza Kifaransa cha Ufaransa amezoea “soixante-seize”, na anapoisikia hiyo nyingine husita, na wakati anasita tarakimu mbili zinazofuata zinampita. Wakongo hufuata Wabelgiji hapo: “septante” ni sabini, “nonante” ni tisini. Namba za makontena sikuziandika kwa kusikia. Nilizinakili kutoka hati ya shehena, herufi nne na tarakimu saba kila moja.

Ijumaa ankara ilifika kabla ya saa nne. Bwana S. aliomba FERI mchana ule, akatuma risiti kwa wote. Mkurugenzi alituma leseni saa mbili kabla ya muda wake. Bi H. hakuita lori hata moja mpaka alipoiona namba kwa macho yake. Gharama za tarehe 1 Julai zilihamishiwa kwenye muhtasari uliofuata, chini ya kichwa kilekile cha “En suspens”, na safari hii Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyetaka jina na tarehe viandikwe mbele yake.